Kadzama Iliyogeuka Maji

Gede, 9 Februari 2025

Mwanangu Ngowa,

Pokea salamu za huku Gede, ambako joto la mwezi huu limetufanya wote kuwa wakorofi. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto limejiuzulu. Watoto pacha wa ndugu yako Kenga wameota meno na wanauma kila anayepita, hata mchungaji hakusazwa. Baba yako yu salama. Hakukuulizia, kwa hiyo sitakuandikia kwamba alikuulizia.

Sasa vitabu. Kile chenye picha ya kisu nimekifunga ukurasa wa kumi na nane, na sikifungui tena. Ngowa, nilikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji miaka thelathini na moja. Damu nimeiona, nimeipangusa, nimeifua kwenye sare yangu. Sikustaafu ili niisome kitandani. Tena huyo mwandishi wako ni mwongo. Maiti ameuawa tangu jana, na mpelelezi akimgeuza damu inaruka hadi ukutani. Inarushwa na nini, na moyo umesimama? Mimi nataka mtu afe kwa adabu, nje ya ukurasa, kisha tubaki na akili zetu tujue nani kafanya.

Kile cha nyumba ya wageni kisiwani, hicho ndicho. Watu saba, mvua, boti haiji, mzee kafa baada ya kunywa chai ya birika moja na wenzake, na hakuna mwingine aliyeumwa hata tumbo. Nimesoma mpaka pale ulipokata kwa wembe. Jibu langu hili hapa, na kurasa tatu za ushahidi kama sheria yetu inavyotaka. Muuaji ni mpwa wake mpole, yule anayemsomea gazeti. Sumu haikuwa katika birika, ilikuwa katika sukari. Ukurasa wa 31, mzee peke yake ndiye anayetia sukari. Ukurasa wa 74, vyombo vyote ni vichafu ila kibakuli cha sukari kimeoshwa. Ukurasa wa 112, mpwa anasema hajaingia jikoni tangu asubuhi, lakini anajua kwamba kitambaa cha jikoni kimelowa. Nitumie sura ya mwisho.

Na usinipigie simu kuniambia. Nikikaribia jibu huwa unacheka puani, na utamu wote unaisha.

Shangazi yako,
Kadzo


Eldoret, 27 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Mimi sijambo, ingawa hapa asubuhi navaa sweta mbili na bado wateja wananiuliza kama ninaumwa. Kibanda cha vitabu kinaendelea. Goti lipe pole.

Sura ya mwisho imo ndani ya bahasha. Umepatia yote. Mpwa wa watu ameshikwa.

Kuhusu kile cha kisu, kosa ni langu. Nilikuwa na haraka na nikaacha utaratibu wangu. Akija mteja wa aina yako, nasi tunao wengi kuliko unavyodhani, mimi hufungua kitabu pale maiti anapopatikana na kuhesabu mistari. Mistari miwili mitatu, nampa. Majeraha yakijaza ukurasa, narudisha rafuni. Halafu naangalia nani anapeleleza. Akiwa mwalimu mstaafu, mke wa mchungaji au mpishi, mara nyingi kuna usalama, kwa sababu mtu kama huyo hana ruhusa ya kuingia chumba cha maiti, basi hata sisi hatuingii. Akiwa daktari wa kupasua maiti, hapana. Sura zinazosimuliwa kutoka kichwani mwa muuaji, hapana kabisa. Mwanzoni kukiwa na ramani ya nyumba au orodha ya wahusika, hiyo ni dalili njema, maana mwandishi anakualika mshindane. Na mwisho naonja kama anacheza kwa haki. Kila alichokiona mpelelezi lazima nasi tuwe tumekiona. Asilete pacha aliyefichwa ng'ambo sura ya mwisho.

Safari hii nakutumia kitu tofauti. Ni kurasa sitini zilizopigwa chapa, bado si kitabu. Mwandishi hajulikani. Hamna maiti hata mmoja. Sheria ni zile zile.

Habari nyingine ni kwamba mimi na Cherop, yule mwalimu niliyekutajia, tumekubaliana. Wazazi wake wanataka kumwona baba yangu kwanza. Nimemwandikia baba mara mbili. Labda posta imeharibika.

Wako,
Ngowa


Gede, 6 Aprili 2025

Mwanangu,

Salamu, na hongera kwa Cherop, ingawa hajui anajitia wapi. Nimechelewa kwa sababu tulikuwa na semina ya akina mama kanisani, na kama mwenyekiti ilinibidi nikae mbele na kuonekana sina usingizi.

Posta haijaharibika. Barua zako baba yako anazo, kaziweka ndani ya Biblia, mahali ambapo anajua hataziona. Nilimtajia Cherop wakati anakula, nikidhani mdomo uliojaa haubishani. Alimeza kwanza. Akasema, "Kadzo, mimi sitasimama mbele ya wakwe kwa jina la mtoto aliyeninywea kadzama yangu." Akaendelea kula.

Nimesoma zile kurasa sitini. Mwandishi wako asiyejulikana anaijua Gede vizuri mno. Kuna mzee mmoja anakwenda Matsangoni kumposea mwanawe mkubwa. Anabeba kadzama, pombe ya mnazi ya heshima ambayo bila hiyo wazee wa upande wa pili hawafungui mdomo. Mgema analeta dumu saa kumi na mbili asubuhi. Kijana mdogo wa nyumba hiyo anaambiwa alilinde. Analifungia stoo yenye ufunguo mmoja, ufunguo anauvaa shingoni, na mlangoni haondoki hadi saa tatu wanapoondoka. Kwenye gari analipakata. Matsangoni mzee wa kule anafungua, anamimina, anaonja, anatema. Ni maji yaliyooshewa mchele, meupe kama mnazi. Posa inavunjika siku hiyo hiyo, na mzee wa watu anarudi nyumbani kama mbwa aliyemwagiwa maji. Kijana anaambiwa ameunywa, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kuufikia.

Jina la kijana amebadilisha. Uchungu hakubadilisha.

Jibu langu ni mgema. Alileta maji tangu mwanzo. Ukurasa wa 9 anaharakisha kuondoka, ukurasa wa 10 anakataa chai, ukurasa wa 40 hataki kutazamwa usoni. Nitumie sura ya mwisho tumalize.

Shangazi yako,
Kadzo


Eldoret, 20 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Pasaka njema. Sisi huku tumekula kuku mmoja watu tisa.

Jibu lako si sahihi, na nashangaa, kwa maana hujawahi kukosea namna hii. Mgema ni chambo. Mwandishi amemweka pale makusudi ili msomaji mvivu amshike. Anaharakisha kwa sababu ana minazi kumi na minne ya kukwea kabla jua halijapanda. Anakataa chai kwa sababu hiyo hiyo. Hataki kutazamwa kwa kuwa anajua ndiye atakayesingiziwa.

Rudia ukurasa wa 8 na wa 52. Mnazi mbichi unachemka wenyewe. Ukiufunga, dumu linavimba. Hakuna mgema wala mnywaji katika pwani nzima anayekaza kifuniko. Hukilegeza, au huziba mdomo wa dumu kwa makumbi ya nazi upumue. Ukurasa wa 8 mgema anafika na dumu lenye makumbi mdomoni. Ukurasa wa 52, yule mzee wa Matsangoni, Mwenda, anashindwa kufungua kifuniko kwa mkono mtupu, anakizungushia leso. Kwa hiyo aliyebadilisha ni mtu asiyeujua mnazi. Mtu ambaye mkono wake umezoea kukaza kila kifuniko.

Kisha jiulize lile ambalo kila fumbo la chumba kilichofungwa hutaka tuliulize. Tumeambiwa hakuna aliyeingia stoo. Sawa, tukubali hakuna. Basi jambo lilitendeka kabla mlango haujafungwa. Kijana hakulinda mnazi hata dakika moja. Alilinda maji ya mchele saa tatu nzima, ufunguo shingoni, akijiona askari. Ukurasa wa 11 madumu ni mawili jikoni, yote ya njano, na kuna mtu anamwambia, "Chukua hilo lililo karibu na mlango."

Jaribu tena, Shangazi. Ila usichukue muda mrefu. Wazazi wa Cherop wamesema wanangoja hadi mwezi wa nane. Baada ya hapo watajua mimi sina watu.

Ngowa


Gede, 15 Juni 2025

Ngowa,

Salamu. Mvua zimekwisha. Mahindi yamekubali, isipokuwa ya jirani, naye anaamini nimemroga. Pacha wanatembea sasa, kwa hiyo wanauma hadi watu wa mbali. Goti linaendelea vibaya vizuri.

Najua nimekaa miezi miwili. Kurasa zako nimezirudia mara nne.

Kitabu hiki kina ila. Huyo mwandishi wako anajisifu anacheza kwa haki, lakini hachezi. Ametupa namna, ametupa wakati, ametupa kifuniko, hongera. Lakini sababu iko wapi? Mpwa wa kisiwani alitaka nyumba ya mzee, tuliambiwa tangu sura ya pili. Hapa nani anafaidika posa ikivunjika? Hakuna. Mtu mzima na akili zake haamki alfajiri kuharibu heshima ya nyumba yake bure. Mimi siwezi kumhukumu mtu kwa kifuniko. Fumbo lisilo na sababu ni hesabu ya shule, na mimi hesabu niliacha darasa la saba.

Mwambie mwandishi aandike upya. Au aache.

Kadzo


Eldoret, 29 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo.

Nitaandika kwa ufupi. Mwandishi ni mimi, na unajua tangu ukurasa wa kwanza. Sura ya mwisho sikuikata. Haipo.

Namna niliipata mwaka jana, nikimweleza mteja mmoja hapa kibandani jinsi mafumbo ya chumba kilichofungwa yanavyofanya kazi. Nilisema, "Mara nyingi kosa limetokea mapema kuliko tunavyodhani," na nikanyamaza katikati ya sentensi. Mteja akafikiri nimepatwa na kiharusi. Nilikumbuka sauti iliyoniambia nichukue dumu la mlangoni, na nilikumbuka ni ya nani.

Sababu siijui. Ni kweli usemavyo, bila hiyo sina kitabu. Nimejaribu kuibuni mara kumi na kila mara yule mtu anatoka mbaya, nami najua si mbaya. Ndiye aliyenifundisha kusoma, nikiwa kitandani na malaria, kwa kunifichia kurasa za mwisho ili nisilale. Kwa hiyo sikumwambia baba. Ningekuwa natoa jina bila sababu, kama wao walivyofanya kwangu.

Nimekasirika, Shangazi. Nilitaka ujue hilo pia. Miaka mitatu na nusu sijala kwa baba yangu.

Ngowa


Gede, 27 Julai 2025

Mwanangu Ngowa,

Kabla ya lolote nakusalimu, na habari za nyumbani utazipata mwishoni, kwa sababu leo nikianza nazo nitajificha humo.

Umekosea jambo moja tu. Ulisema nilikaza kifuniko kwa kuwa siujui mnazi. Niliujua, nimekulia pwani. Nilikaza kwa kuwa maji yalikuwa yakimwagika, na mkono wa muuguzi hauachi chupa wazi. Haya, dalili iliyokosekana ninayo mimi.

Wiki moja kabla ya posa alikuja kwangu Mbeyu, yule binti wa Matsangoni aliyekuwa aposwe kwa Kenga. Alikuja amejifunika leso hadi puani. Alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi, na baba yake alimwambia ndoa kwanza, chuo baadaye, na sote tunaijua baadaye hiyo. Aliniomba nimtafutie ugonjwa. Alisema, "Wowote, Mama, usioua." Nilimwambia vyeti vya uongo sitoi. Alilia hadi paka wangu akatoka nje. Akaniapisha nisimtaje hadi amalize masomo, maana baba yake angemtoa chuo siku hiyo hiyo.

Nilidhani mimi ni mjanja. Posa ikivunjika kwa sababu ya binti, kungekuwa na vita. Ikivunjika kwa sababu ya mnazi, watu wangecheka, wangemlaumu mgema, na mgema Simeon amelaumiwa maisha yake yote, hana pa kuumia tena. Asubuhi ya posa, Simeon alipoondoka, nikajaza dumu la pili kwa maji ya mchele wa pilau, nikalisogeza karibu na mlango, nikakwambia ulichukue. Ule mnazi niliusukuma nyuma ya magunia. Jioni nilikunywa vikombe viwili nijue nimeharibu nini. Ulikuwa mtamu sana. Uliobaki niliumwaga.

Hesabu yangu ilikusahau wewe. Ulikuwa hodari mno. Mtu mwingine angeondoka mlangoni akaenda kunywa chai, na lawama ingetawanyika. Wewe ulikaa kama ulivyoambiwa, na kwa kukaa kwako ukabaki mtuhumiwa peke yako. Baba yako alipokufokea mbele ya watu nilikuwa nimesimama karibu na sufuria, na nilinyamaza. Nilijiambia nitasema kesho. Ulipopanda basi nilijiambia nitasema ukirudi. Kiapo cha Mbeyu kilinifunga, ndiyo, lakini nisikudanganye, kilinifaa pia. Mwenyekiti wa akina mama, mlevi wa vikombe viwili, mvunja posa. Niliogopa. Nikakuachia wewe aibu yangu uivae, nikawa nakuandikia kuhusu kibakuli cha sukari.

Mbeyu amemaliza masomo mwezi uliopita. Anafanya kazi Mnarani. Nilikwenda kumwona, ndiyo maana barua imechelewa. Alipojua kwamba uliondoka nyumbani kwa ajili hiyo, aliketi chini kwenye sakafu ya wodi. Hakuwa amejua. Akaniambia, "Mama, sema leo. Nitaje na mimi."

Jumapili iliyopita nilimsomea baba yako zile kurasa sitini, halafu nikamalizia kwa mdomo wangu. Kenga alikuwapo. Kenga alicheka hadi akakohoa, kwa kuwa mke aliyempata baadaye anampenda. Baba yako hakucheka. Aliuliza swali moja tu, kama niliona alivyokuwa akikufokea. Nikasema niliona. Akasema atakuja Eldoret mwezi wa nane na Kenga na wazee wawili, na kwamba mimi nisitie mguu ndani ya gari hilo.

Kwa hiyo shangazi yako hatakuwapo kukusemea, siku ambayo ni haki ya shangazi kusema. Nimeistahili. Nisamehe, mwanangu, na kama bado huwezi, endelea kunikasirikia lakini niandikie.

Goti limevimba. Pacha hawajambo.

Kadzo


Eldoret, 24 Agosti 2025

Shangazi,

Shikamoo. Wamefika, wamekaa siku tatu, wameondoka leo asubuhi. Baba alivaa koti langu, sweta yangu na blanketi la Cherop kwa wakati mmoja na akasema kwamba nchi hii haikukusudiwa kwa binadamu. Posa imekubaliwa.

Wazazi wa Cherop waliuliza shangazi wa bwana harusi yuko wapi. Kenga alitazama viatu vyake. Nikadhani baba atasingizia goti lako. Akasema, "Dada yangu alikosa, akakiri, nami nikamwacha nyumbani. Mimi nilikosa zaidi yake na sikukiri, na hapa nimekalishwa kitini nimepewa maziwa."

Jioni alinitoa nje. Aliniambia kwamba alijua si mimi. Alijua mwaka ule ule. Kile kifuniko alikiona kikifunguliwa kwa leso kama tulivyokiona sote, na miezi michache baadaye, akiwa kwa Simeon, alimwona akiziba dumu kwa makumbi, akaelewa. Alijua mlevi wa mnazi hakazi kifuniko. Hakujua nani, lakini alijua si mimi. Nikamwuliza mbona barua zangu hakuzijibu. Akasema kwamba kila mwezi uliopita ulifanya mwezi unaofuata kuwa mgumu zaidi kuanza, na kwamba kunikasirikia ilikuwa rahisi kuliko kuniomba radhi. Alilia, Shangazi. Sijawahi kumwona. Nami nililia, na bado nimewakasirikia nyote wawili, na nimewasamehe nyote wawili, na sijui hayo yanakaaje pamoja lakini yamekaa.

Mimi mtunzi wa mafumbo nilitafuta mtu mmoja aliyekuwa akinyamaza, kumbe walikuwa wawili, mezani pamoja, kila mmoja akimwogopa mwenzake.

Harusi ni tarehe kumi na tatu Desemba. Baba anasema uje, na kwamba kwenye gari utaketi kando yake. Amesema mna mambo ya miaka mitatu na nusu ya kuambiana, na safari ni ndefu.

Mwanao,
Ngowa